Mionzi ya koo: mizani ndiyo iamue mpira wa chakula

Mgonjwa wa Likoni anayepigwa mionzi ya koo huanza kutoka vidonda mdomoni wiki ya pili au ya tatu. Nyama humwia chungu. Asukutue kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, kila baada ya saa chache. Ndimu na pilipili aziwache. Mayai au samaki laini yashike nafasi ya nyama.

Mpimeni kila wiki. Aliyeanza na kilo 60 akifika 57 ndani ya mwezi, amepungua asilimia 5: mwambieni daktari siku hiyo. Mpira wa puani hutosha kwa wiki nne hivi. Ukihitajika zaidi, hufikiriwa wa tumboni. Uzani, sababu na ridhaa yake viandikwe kwenye faili, zamu ijayo isianze upya.