Kibuyu kikubwa si lazima kiwe nafuu: hesabu ya unga na mafuta Bugoye

Na Mwandishi Wetu, Kasese

Katika vilima vya Bugoye, chini ya milima ya Rwenzori, chakula cha jioni katika nyumba nyingi ni obundu, yaani ugali wa unga wa muhogo, pamoja na mboga iliyotiwa mafuta kidogo. Unga na mafuta ndivyo vinavyomaliza pesa polepole bila mtu kuona, kwa sababu hununuliwa kidogo kidogo: leo kikombe cha unga, kesho chupa ndogo ya mafuta.

Swali ambalo mnunuzi hujiuliza dukani ni jepesi: nichukue kipi? Lakini bei iliyoandikwa kwenye chupa haijibu swali hilo. Jibu hupatikana kwa kugawanya bei kwa ujazo au uzito, ili kila kifungashio kiseme bei yake kwa lita moja au kwa kilo moja. Hapo ndipo vinapoweza kulinganishwa.

Tuchukue duka moja lenye bei za mfano, maana bei za kweli hupanda na kushuka kila wiki. Mafuta ya kupikia yamemiminwa katika chupa ya soda ya mililita 300 na yanauzwa shilingi 3,000. Chupa ya lita moja ni 8,500. Kibuyu cha lita tatu ni 24,600, na cha lita tano ni 42,500.

Chupa ya soda inaonekana rahisi kuliko zote, kwa kuwa inatoa pesa chache mfukoni. Sasa gawanya: 3,000 kwa 0.3 ni shilingi 10,000 kwa lita. Ndiyo ghali kupita zote. Chupa ya lita moja inabaki 8,500. Kibuyu cha lita tatu, 24,600 kwa 3, ni 8,200. Kibuyu cha lita tano, 42,500 kwa 5, ni 8,500 tena, sawa kabisa na chupa ya lita moja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wamezoea kuamini kwamba kikubwa ni nafuu, kwa hiyo hujinyima na kukusanya pesa za kibuyu cha lita tano, kumbe cha lita tatu kingewafaa zaidi. Mwenye duka huenda aliuza lita tatu kutoka mzigo wa zamani, au anajua watu wanapenda lita tano bila kuuliza. Sababu yoyote iwayo, ni kugawanya tu kunakoifichua.

Familia inayotumia mililita 100 kwa siku humaliza lita tatu kwa mwezi. Ikinunua chupa kumi za soda hulipa 30,000. Ikinunua kibuyu cha lita tatu hulipa 24,600. Tofauti ni 5,400 kila mwezi. Kwa unga wa muhogo wa shilingi 2,500 kwa kilo, hizo ni kilo mbili na zaidi, ambazo familia ilikwisha kuzilipia bila kuzila.

Kuna mtego wa pili katika mafuta. Vibuyu vingine vimeandikwa lita, vingine vimeandikwa kilo. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.92. Kwa hiyo kibuyu cha kilo 18 hakina lita 20. Gawanya 18 kwa 0.92, upate lita 19.6 hivi. Tuseme cha kilo 18 kinauzwa 150,000 na cha lita 20 kinauzwa 152,000. Kwa macho, cha kwanza kimepungua bei. Kwa hesabu, cha kwanza ni karibu 7,660 kwa lita na cha pili ni 7,600. Soma maandishi ya kifungashio kabla ya kusoma bei.

Unga una shida nyingine, kwa sababu mara nyingi hupimwa kwa kikombe na si kwa mizani. Kikombe hupima nafasi, na unga una hewa ndani yake. Unga uliotikiswa hushuka na kujaa zaidi. Uliomwagwa polepole husimama juu ya hewa. Muuzaji anayejaza mpaka kilima kitokee juu na yule anayekata kwa kiganja hawauzi kitu kimoja, hata kama kikombe ni kilekile.

Dawa yake ni kupima mara moja tu. Nunua vikombe vitano kwa mtu unayemzoea, kisha uviweke pamoja kwenye mizani ya duka la jirani. Vitano ni bora kuliko kimoja, kwa kuwa kosa dogo la mizani halitaharibu hesabu. Tuseme kila kikombe ni shilingi 1,000 na vyote vitano vina kilo 1.6. Gawanya 5,000 kwa 1.6, upate 3,125 kwa kilo. Duka linalopima kwa mizani kwa 2,500 ni nafuu kwa 625. Angalia pia kama mizani ina alama ya kukaguliwa na Shirika la Viwango la Uganda, na kama mshale au namba iko kwenye sifuri kabla unga haujawekwa.

Uzito nao una udanganyifu wake. Unga wenye unyevu ni mzito, na unalipia maji kwa bei ya muhogo. Chota kidogo, ufinye katika ngumi, kisha ufungue mkono. Unga mkavu hutawanyika. Wenye unyevu hubaki donge. Huo utaota ukungu haraka, hata ungekuwa wa bei ya chini.

Wapo wanaofikiria kwenda mbali zaidi, hadi Bwera na soko la mpakani Mpondwe, ng'ambo ya Kasindi. Biashara hapo ni kubwa, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ukitajiwa bei kwa faranga, igeuze kwanza iwe shilingi, kwa kiwango cha mbadilisha pesa wa siku hiyo, ndipo ugawanye kwa kilo.

Kisha ongeza nauli. Kutoka Bugoye utapita Kasese mjini na Kikorongo kabla ya kufika. Tuseme kwenda na kurudi ni 24,000, na unga wa Bwera ni 2,100 kwa kilo dhidi ya 2,500 wa nyumbani. Unaokoa 400 kwa kilo. Gawanya 24,000 kwa 400: ni kilo 60. Ukinunua gunia la kilo 50 umepata hasara ya 4,000 kabla hujalipa mbeba mzigo. Lakini majirani watatu wakimtuma mmoja alete kilo 100, wanaokoa 40,000, wanatoa nauli 24,000 na 6,000 za mzigo, wanabaki na 10,000.

Njia hiyo ya majirani inafaa pia kwa mafuta, kwa yule asiye na 24,600 kwa mkupuo mmoja. Watatu wakitoa 8,200 kila mmoja, kila mtu anarudi nyumbani na lita moja kwa bei ya kibuyu. Lete chupa safi na kavu, zenye vifuniko, na mgawane siku hiyohiyo. Usinunue zaidi ya mnachoweza kumaliza: mafuta yaliyokaa wazi karibu na moto hubadilika harufu, na unga uliokaa sana huingia wadudu. Kilo iliyotupwa ililipiwa bei ileile.