Kuitafsiri Likoni bila Kuitia Chumvi

Juma lililopita tuliletewa kipeperushi cha utalii kilichoandikwa kwa Kiingereza kuhusu Likoni na ufuo wa Shelly, tukaombwa tukitie katika Kiswahili kwa ajili ya familia za hapa nchini.

Rasimu ya kwanza tulifuata neno kwa neno, ikawa hivi: "Gundua johari iliyofichika, paradiso yenye ufuo bikira na maji ya kioo, dakika tano tu kutoka mjini." Tulimsomea mama mmoja wa Mtongwe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sheikh, hii ni pwani ya wapi?"

Swali lile lilitusaidia kuliko kamusi. Kwetu daktari ndiye agunduaye maradhi, mgeni hukaribishwa. Basi tukaanza na "Karibuni". "Bikira" halisomwi mbele ya watoto, nalo halikuwa kweli, kwani ufuo ule una nyumba na wavuvi. "Paradiso" tuliliacha kabisa, kwa kuwa msomaji wetu anaijua Pepo, na haijengwi ng'ambo ya kivuko. Na johari gani iliyofichika, nayo ipo ukingoni mwa lango la bandari ya Kilindini?

Maji ndiyo yaliyotuchukua muda. Mwandishi wa Kiingereza aliyaona yamejaa. Lakini baina ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, na siku za bamvua maji hukimbia mbali, miamba ikabaki wazi. Familia iliyoahidiwa kuogelea ikifika wakati huo itasema imedanganywa. Tukaandika: "Maji yakijaa, watoto huoga, yakipwa, hutembea miambani wakitazama kaa na samaki wadogo vidimbwini. Vaeni viatu, na ulizeni saa za maji kabla ya kutoka, maana kila siku huchelewa kwa dakika kama 50." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ya asili, lakini inavutia zaidi, kwa kuwa mtu anajiona yupo pale.

Zile "dakika tano" nazo zilihesabu feri ikiwa majini tu, foleni hazikuihesabu. Tukasema kuvuka ni dakika chache, aendaye kwa miguu halipi, na mwenye gari alipe na aweke akiba ya muda, hasa asubuhi na jioni.

Mwenye kazi alilalamika kwamba tumempunguzia sifa. Tukamkumbusha kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani imelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Akanyamaza kidogo. Neno moja alilishikilia, "upepo mwanana", nasi tulimkubalia, ila tukaongeza "wakati wa kaskazi", kwani kusi ikivuma huo hauwi mwanana.