Vitenzi vya Jikoni na Sufuria ya Eldoret

Atakayetafsiri kitabu cha mapishi ya Kizungu kwa wapishi wa Eldoret hatakwama kwenye majina ya vyakula. Atakwama kwenye vitenzi. Hebu tutazame mchuzi wa nyama. Mwingereza anataka nyama ichemke, kisha moto ushushwe, mchuzi ukae chini kidogo ya mchemko kwa saa 2. Hali hiyo ya pili ana neno lake moja. Sisi tunalo chemka, tunalo tokota, lakini yote mawili ni maji yanayoruka. Ukiandika "chemsha kwa saa 2", mpishi mtiifu ataacha moto mkali, mchuzi utakauka, na nyama itatoka nyuzi nyuzi.

Wengine huandika "kwa moto mdogo". Si vibaya, ila moto mdogo wa makaa si moto mdogo wa gesi. Naona bora kueleza kinachoonekana sufuriani: punguza moto mpaka viputo vidogo vipande kimoja kimoja, uso wa mchuzi utikisike tu. Ni maneno mengi badala ya moja, lakini mpishi hapotei.

Hapa Eldoret pana mtego mwingine, ambao sisi watu wa Pwani hatuujui. Mji uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa. Kitabu kikisema mchuzi ukae nyuzi 95, maji ya hapa hayafiki huko hata yakifurukuta, isipokuwa ndani ya sufuria ya presha. Mvuke nao ndio huo huo. Kwa hiyo "pika kwa mvuke dakika 20" huacha viazi vigumu katikati. Mfasiri mwema hataziamini dakika za kitabu. Ataandika: mpaka uma uingie bila kusukumwa.

Kaanga nalo limebeba mizigo mingi mno. Mandazi yanayoelea katika mafuta twakaanga, na vitunguu vya kijiko kimoja cha mafuta twakaanga. Hivi vya pili viandikiwe: kaanga kwa mafuta kidogo huku ukigeuza, vilainike bila kuwa vyeusi.

Kuku wa tanurini ndiye huteseka zaidi. Akiandikiwa "choma", hapa atapelekwa moja kwa moja juu ya wavu wa makaa. Neno lake ni oka. Na asiye na oveni je? Pwani hatukosi la kumwambia. Kubanika ni samaki mtini kando ya makaa, hakumfai kuku huyu. Lakini kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko na mengine chini, humpa moto wa pande mbili, kama tanuri. Mwandikie apalie, na makaa ya juu yazidi ya chini, ngozi ipate rangi kabla mgongo haujaungua.