Mwongozo wa Bure Uahidi Nini?

Chukua jina la mwongozo wako wa bure, ondoa neno linalotaja kazi yenyewe, weka jingine. "Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kikoba kwa Mafanikio." Toa kikoba, weka saluni. Weka duka la dawa, shule ya chekechea, bwawa la samaki. Kama jina bado linasimama sawasawa, halijamwambia mtu chochote, na mtu asiyeambiwa chochote haoni kwa nini akuachie anwani yake ya barua pepe. Mwongozo ni bure kwa maana ya fedha tu. Anayeuchukua analipa kwa anwani yake, na anajua kwamba baada ya hapo utaanza kumwandikia.

Tuseme mwenye jina hilo ni mama wa Dodoma anayechapa na kuuza madaftari ya vikoba: daftari la hisa, daftari la mikopo na vitabu vya wanachama. Wateja wake ni makatibu na waweka hazina wa vikundi vya watu ishirini hadi thelathini. Ameandika kurasa 38 zinazoanzia maana ya akiba, zikapita katiba, uchaguzi wa viongozi, usajili wa kikundi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mikopo, faini, hadi kuvunja kikoba mwisho wa mzunguko. Kazi si mbaya. Ila jina limebeba kurasa zote 38 kwa pamoja, na ndiyo maana halikuweza kutaja hata moja.

Watu wengi wakifika hapa hukimbilia kutafuta maneno matamu zaidi. Huongeza "siri", huongeza "hatua 10". Ahadi haiwi mahususi kwa kuongezewa maneno. Inakuwa mahususi pale mwandishi anapochagua mtu mmoja, saa moja ya shida yake, na kitu kimoja atakachokuwa nacho mkononi akimaliza kusoma. Uchaguzi huo hautoki kichwani mwa mwandishi. Umo kwenye simu yake, kwenye ujumbe ambao wateja wamekuwa wakimtumia muda wote huo.

Huyu mama akirudi kuusoma ujumbe wa wateja wake ataona kwamba karibu hakuna anayemuuliza maana ya akiba. Wanauliza hivi: "Dada, tunavunja Jumamosi, pesa ya kwenye sanduku hailingani na daftari, nifanyeje?" Swali hilo lina mtu ndani yake, ambaye ni katibu, lina wakati wake, siku chache kabla ya kugawana, na lina kinachomnyima usingizi. Mwongozo umejificha humo.

Tuifuate hesabu yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hakuna jina zuri litakalopatikana. Kikundi kimeuza hisa 2,400 kwa mwaka, kila hisa shilingi 5,000. Hiyo ni milioni 12. Riba na faini zimeleta 1,800,000, matumizi yamekula 120,000. Mfuko una 13,680,000. Gawanya kwa hisa 2,400: kila hisa sasa ni 5,700, na mwenye hisa 150 anastahili 855,000. Hadi hapa hakuna anayehitaji mwongozo. Lakini mwanachama mmoja mwenye hisa hizo 150 bado anadaiwa mkopo wa 200,000, kwa hiyo sandukuni kuna 13,480,000 tu. Katibu mwenye haraka anazigawanya fedha zilizomo sandukuni kwa hisa 2,400 na kupata 5,616 na ushei. Kisha anamkata mdaiwa 200,000 zake. Mwisho wa zoezi 200,000 zimebaki mezani hazina mwenyewe, na kila mtu mwenye hisa 150 amepunjwa 12,500. Hapo ndipo minong'ono huanza kwamba katibu ana lake. Kosa lake lilikuwa moja: deni nalo ni mali ya kikundi, lilipaswa kuingizwa kwenye mfuko kabla ya kugawanya, ndipo mdaiwa akatwe na kupokea 655,000.

Sasa tunajua mwongozo unahusu nini, tunaweza kurudi kwenye jina.

Jaribio la kwanza: "Jinsi ya Kugawana Fedha za Kikoba." Ni bora kuliko la awali, maana huwezi tena kuweka saluni. Lakini katibu wa miaka mitatu ataliruka, kwa kuwa kugawana anajua. Asichokijua ni kugawana huku kuna deni.

La pili: "Gawana Fedha za Kikoba Bila Ugomvi." Hili linavutia sana, na binafsi ningelikataa. Ugomvi wa kikoba una vyanzo vingi, na jedwali la hesabu haliwezi kumzuia mtu aliyekuja na hasira zake za nyumbani. Mwandishi anaahidi jambo lisilo mikononi mwake. Ndugu wa ahadi hii ni ile inayosema "Ongeza akiba yako mara tatu ndani ya siku 30". Ina tarakimu mbili na inaonekana mahususi kuliko zote, kumbe haielezi chochote kuhusu kilichomo ndani ya mwongozo. Ahidi kile ambacho mwongozo utafanya, usiahidi yatakayotokea katika maisha ya msomaji.

La tatu: "Kugawana Kikoba Kukiwa na Wanaodaiwa: Jedwali la Katibu la Kujaza Jioni Moja." Hapa mtu wake yumo, wakati wake umo, na kitu atakachoshika kimo, yaani jedwali. Maneno mazito yamekaa mwanzoni, nalo ni jambo la maana kwa sababu kwenye simu orodha ya barua pepe huonyesha maneno machache ya mwanzo kisha hukata. Jina likianza na "Mwongozo Kamili wa Kisasa wa…", nafasi yote imekwenda kabla ya neno kikoba kuonekana.

Limebaki neno moja la kutiliwa shaka: jioni moja. Linavutia, ila ni kweli? Njia ya kujua ni kuwapa makatibu watatu jedwali hilo, wakiwa na madaftari yao halisi, na kuwaacha walijaze bila kusaidiwa. Mmoja akichukua siku mbili kwa sababu vitabu vya wanachama havilingani na daftari la hisa, basi ama neno hilo litoke kwenye jina, ama utangulizi useme wazi kwamba vitabu vinapaswa kulinganishwa kwanza. Kila tarakimu iliyo kwenye jina inahitaji kupimwa namna hiyo. Isiyopimika iondoke.

Utangulizi una kazi nyingine. Jina limemfanya mtu asimame. Utangulizi unamthibitishia kuwa hakukosea mlango. Utangulizi wa zamani ulikuwa hivi: "Akiba ni msingi wa maendeleo ya jamii yoyote. Vikoba vimekuwa mkombozi wa wananchi wengi, hasa wanawake. Katika mwongozo huu utajifunza mambo mbalimbali yatakayokusaidia wewe na kikundi chako kufikia malengo." Katibu anayevunja kikoba Jumamosi hana haja ya kuhutubiwa kuhusu akiba. Maneno "mambo mbalimbali" na "malengo" ndiyo hasa ya kuwindwa. Kila yanapotokea, mwandishi amekwepa kutaja kitu fulani. Kitaje, au ufute sentensi.

Uandikwe upya hivi:

"Katibu, kikoba chenu kinakaribia kuvunjwa na kuna wanachama ambao hawajamaliza mikopo. Fedha za sandukuni ni pungufu kuliko daftari linavyosema. Kwa jedwali hili utapata thamani sahihi ya hisa moja, kisha kiasi cha kumpa kila mwanachama baada ya kumkata anachodaiwa, na jumla yake italingana na sanduku. Uwe na daftari la hisa, daftari la mikopo na kikokotoo. Mfuko wa jamii usiuchanganye humu; una hesabu yake. Na kama kuna mdaiwa ambaye deni lake linazidi thamani ya hisa zake, jedwali litakuonyesha pengo ni kiasi gani, lakini namna ya kumdai iamuliwe na katiba yenu."

Sentensi mbili za mwisho ndizo waandishi wengi huziogopa, kwa kudhani kwamba kutaja mipaka kunapunguza mvuto. Kwangu mimi ndizo zenye nguvu kuliko zote. Anayesoma kwamba jedwali haligusi mfuko wa jamii anajua ameandikiwa na mtu aliyewahi kuona daftari la kikoba, na asiyehitaji jedwali hilo anaondoka mapema badala ya kuacha anwani atakayojuta kuiacha.

Jina likishanyooka, mwongozo wenyewe lazima ukatwe ulifuate. Kurasa 38 chini ya jina jipya zingekuwa udanganyifu wa aina nyingine, maana katibu angepitia uchaguzi wa viongozi na usajili kabla ya kulifikia jedwali ukurasa wa 31. Kurasa tano au sita zinatosha: hesabu iliyokamilika kwa mfano kama ule wa hisa 2,400, jedwali tupu la kujaza, na ukurasa wa makosa ya kawaida. Hata kitufe cha kujisajili kibadilike. Badala ya "Pakua sasa", kiandikwe "Nitumie jedwali la kugawana". Chini yake kuwe na sentensi moja isemayo barua zitakazofuata zitahusu nini na zitakuja mara ngapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anwani ya mtu haichukuliwi kwa kazi moja ikatumika kwa nyingine kimyakimya.

Je, itajulikanaje kama jina jipya linafanya kazi? Kuhesabu waliojisajili peke yake kunadanganya. Jina pana linaweza kuleta watu wengi wasiofungua hata barua ya kwanza, na jina jembamba likaleta wachache wanaojibu na kuuliza bei ya daftari. Kwa hiyo tazama pia waliofungua, na hasa waliojibu. Watembeleaji wakiwa wachache, tuseme arobaini kwa wiki, tofauti ya watu wawili watatu haina maana yoyote, subiri. Kuna na mtego wa majira: vikundi vingi huvunja Desemba. Ukibadilisha jina katikati ya Novemba, namba zitapanda hata kama jina ni baya. Bora kuliweka la zamani na jipya kwa zamu ndani ya miezi ileile, au kulinganisha Desemba hii na iliyopita.

Zile kurasa zilizokatwa zisitupwe. Sura ya usajili inafaa Januari, vikundi vipya vinapoundwa, ikiwa na jina lake lenyewe, mwenyekiti wake na fomu yake. Ya mikopo inaweza kumfuata yuleyule katibu katika barua ya tatu au ya nne, wakati kikundi kimeanza mzunguko mpya na yule aliyedaiwa 200,000 ameomba mkopo tena.