Punguzo la jumla lihesabiwe hadi mlangoni pa duka

MWENYE duka katika kisiwa cha Pate anayenunua sukari kwa muuzaji wa jumla mjini Lamu hulipia safari ndefu. Mzigo hutoka bara kwa lori hadi gati la Mokowe, huvushwa kwa boti hadi Lamu, kisha hupakiwa tena kuelekea Faza au Kizingitini. Kila kituo kina hamali wake, na kuondoka kwa boti hutegemea kujaa na kupwa kwa maji.

Kwa sababu hiyo, bei iliyopunguzwa ghalani huenda isimsaidie sana.

Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Faza anayenunua magunia manne ya kilo 50 kila wiki, gunia moja kwa shilingi 6,500. Daftari lake la miezi sita linaonyesha kwamba hakukosa hata wiki moja wala hakuchelewesha malipo. Hiyo ndiyo silaha yake, kwani tajiri wa jumla hupendelea mteja ambaye mauzo yake yanaweza kutabiriwa.

Akiomba punguzo la shilingi 100 kwa gunia, ataokoa shilingi 1,600 kwa magunia 16 ya mwezi. Lakini iwapo hukodi boti kwa shilingi 2,000 kila safari, safari nne humgharimu 8,000. Akichukua magunia manane kila baada ya wiki mbili, nauli hushuka hadi 4,000. Ataokoa 4,000, zaidi ya maradufu ya punguzo lenyewe. Tajiri naye atapakia mara mbili badala ya nne, na hiyo ni hoja ya kumwomba yote mawili.

Hesabu hii ina mipaka. Nauli ikitozwa kwa gunia, kuunganisha mizigo hakuokoi chochote. Aidha, magunia manane hufunga mtaji wa shilingi 52,000 kwa wakati mmoja, na sukari ikikaa katika hewa ya chumvi hushika unyevu na kuganda. Ndiyo maana inafaa kuomba kulipa nusu mzigo unapoondoka na nusu unapofika.

Jambo la pili ni kuafikiana mzigo unakuwa mali ya nani na wapi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na gunia lililoloa maji halina mnunuzi. Likikabidhiwa gatini Lamu, hasara ni ya mwenye duka. Likikabidhiwa Faza, ni ya tajiri. Yasipoandikwa hayo, ugomvi huzuka siku ya hasara.

Mwisho, punguzo lifungwe kwenye bei ya siku, wala si kwenye bei moja isiyobadilika, ambayo tajiri ataikana sukari inapoadimika kuelekea Ramadhani. Na njia ya kujua kama punguzo bado lipo ni kuuliza bei ya ghala jingine siku hiyo hiyo. Tofauti ikitoweka, bei imepandishwa kimya kimya na punguzo limebaki jina tu.