Kisangani: Juma la mwisho mbele ya mtihani wa udaktari, usingizi nao ni somo

Wakati wa sesyo, kwenye mitaa ya Makiso na Kabondo taa ndogo za solari zinawaka mpaka usiku wa manane. Chini yake kuna wanafunzi wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Kisangani, silabusi mikononi, thermosi ya kahawa pembeni. Wengi wanasoma usiku kwa sababu zinazoeleweka: mchana kuna joto, watoto wanapiga kelele uwanjani, na kuna siku moto wa SNEL unarudi watu wote wakiwa wamelala. Shida inaonekana siku ya mtihani. Mwanafunzi anatoka mbele ya jury na kusema: «Nilikuwa naijua vizuri, lakini kichwa ikawa mutupu.»

Mara nyingi mtu wa namna hiyo hakukosa kusoma. Alichokosa ni usingizi wa kutunza alichosoma.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi 2 orodha za silabi 10 zisizo na maana wazishike kichwani. Baada ya masaa 8 ya kukaa macho, walikumbuka karibu silabi 1. Baada ya masaa 8 ambayo sehemu kubwa walilala, walikumbuka zaidi ya 5. Tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba wakati mtu analala, ubongo unarudia mambo ya mchana na kuyakaza. Kwa hiyo anayesoma mishipa ya mkono mpaka asubuhi bila kulala anaiingiza kichwani, halafu anaacha mlango wazi.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye mtihani wa anatomia Jumatatu, saa mbili ya asubuhi. Imebaki juma moja. Kwa sasa analala saa tisa ya usiku na kuamka saa nne ya asubuhi. Anafikiri kwamba Jumapili, siku moja mbele ya mtihani, atalala mapema na mambo yataenda vizuri. Lakini saa ya mwili haigeuki kwa usiku mmoja. Jumapili hiyo atajilaza saa nne ya usiku, na mwili utamwambia kwamba bado ni jioni. Atageuka huku na huku chini ya chandarua, atahesabu masaa yaliyobaki, na woga utapanda.

Njia iliyo bora ni kugeuza saa ya kuamka kidogo kidogo. Jumatatu hii anaamka saa nne kama kawaida. Jumanne anaamka saa tatu, Jumatano saa mbili, Alhamisi saa moja, na Ijumaa saa kumi na mbili. Saa ya kulala nayo inashuka hivyo hivyo: saa nane, saa saba, saa sita, kisha saa tano ya usiku. Kila usiku anabaki na masaa yake 7. Jumamosi na Jumapili hageuzi tena kitu. Anaamka saa kumi na mbili, hata kama amelala vibaya. Jumatatu ya mtihani, mwili wake unakuwa umezoea.

Kwa nini kuanzia asubuhi? Kwa sababu mtu hawezi kujilazimisha kusinzia, lakini anaweza kujilazimisha kuamka. Tena mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili. Hapa Kisangani, karibu kabisa na ikweta, jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Akiisha kuamka, atoke nje nusu saa, achote maji, afagie uwanja, au asome kwenye baraza. Mchana akichoka sana, apumzike dakika 20 mbele ya saa tisa. Akilala masaa mawili jioni, usiku atakosa usingizi.

Halafu kuna kahawa. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini aliyokunywa bado iko mwilini baada ya masaa 5 hivi. Kikombe cha saa kumi na moja ya jioni bado kinafanya kazi saa nne ya usiku. Makasu, ile kola ya sokoni, nayo ina kafeini, sawa na chai nzito na vinywaji vya nguvu vya kopo. Katika juma hili, cha mwisho kiwe saa sita ya mchana. Mwenye kuzoea vikombe vingi asiache kwa siku moja, maana kichwa kitamuuma. Apunguze kimoja kila siku.

Kuhusu woga wenyewe, unapenda kuja saa ile taa inazimwa, kwa kuwa kichwa hakina kazi nyingine. Basi upewe nafasi yake mapema. Karibu saa moja ya usiku, mwanafunzi achukue karatasi na kwa dakika 10 aandike yote yanayomsumbua: sura asiyoielewa, profesa anayeulizaka maneno magumu, pesa za minerval zilizobaki. Pembeni ya kila jambo aandike hatua moja ya kesho. Kwa mfano: «Neva za mkono: kumuelezea mwenzangu saa mbili.» Lile lisilo na hatua aliandike tu na kuliacha.

Akijilaza na usingizi ukakataa kwa muda unaofanana na dakika 20, atoke kitandani. Akae kwenye kiti, taa hafifu, bila telefone wala silabusi, mpaka macho yawe mazito, ndipo arudi. Asiangalie saa. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kusoma na kuogopa, mwili unasahau kwamba ni mahali pa kulala. Wanaoishi watu wanne katika chumba kimoja wapatane: saa ya kuzima taa ni moja, na anayebaki kusoma atoke nje.

Kuna wanaokimbilia dawa ya kulalisha. Diazepamu, ambayo wengi wanaiita valiyumu, inaleta usingizi, lakini inazuia kumbukumbu mpya kukaa, na inabaki mwilini zaidi ya siku moja. Mtu anaweza kuingia mtihanini akiwa bado mzito. Dawa hiyo haichukuliwi bila munganga.

Tena, maumivu ya kichwa na uchovu vinaweza kutoka kwa kukesha, lakini homa yataka kipimo cha malaria siku ile ile, bila kungoja mtihani uishe. Na mwenzenu akikaa siku mbili au tatu karibu bila kulala na hasikii uchovu, anaongea mbio bila kusimama, anasikia sauti, au anasema afadhali afe, huo si woga wa mtihani tena. Asiachwe peke yake; apelekwe kwa munganga mara moja.

Hata ukifuata haya yote, usiku wa Jumapili unaweza kuwa mfupi. Hiyo inatokea kwa wengi, na haifuti kazi ya juma zima. Masomo ya Jumatano na Alhamisi yamekwisha kukazwa usiku ule ule. Mwanafunzi abaki amelala kimya, apumue polepole, asifungue silabusi saa tisa ya usiku. Saa kumi na mbili aamke, anawe, ale, na kwenda kwa mtihani.