Tozo za Bandari Si Mapato ya Wakala

Tuseme wakala wa forodha Dar es Salaam amemlipia mteja tozo za bandari shilingi 2,400,000 ili kontena litoke, na ada yake ni 500,000. Mapato yake ni hizo 500,000 tu, na juu yake anatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 90,000. Zile 2,400,000 ni deni la mteja: vitabuni zinakaa kwenye akaunti ya wadaiwa hadi zirudishwe.

Ankara ya bandari iwe na jina la mteja, nakala yake iambatanishwe, na kiasi kisiongezwe hata shilingi. Wakala akidai 2,500,000, ile 100,000 ni mapato yake, na mteja ana haki ya kuihoji.